Goti la kulia, upande wa ndani: ujumbe ambao kocha anaweza kuufanyia kazi

Makocha wa jimu hupokea sana ujumbe wa aina hii: "Kocha, goti linanisumbua, leo twende mdogomdogo." Aliyeutuma anaona ameshaeleza. Kocha naye abahatishe. Akiwa mwoga, atamwondolea mteja mazoezi yote ya miguu na kumpeleka kwenye mikono na kifua mwezi mzima, huku misuli ya paja ikinywea. Akiwa jasiri, atapunguza kilo kumi kwenye chuma na kuendelea na skwati zilezile za kushuka mpaka chini. Njia zote mbili zinaliumiza goti, ya kwanza polepole na ya pili haraka, na kosa si la kocha peke yake. Ujumbe haukumwambia goti lipi, limeumia nini, linaweza kukunjwa mpaka wapi, wala maumivu ya kiasi gani yanavumilika.

Tuchukue mfano wa jeraha moja linalowapata watu wengi wa makamo. Mwalimu wa sekondari wa Dar es Salaam, mwanamke wa miaka 46, anafanya mazoezi siku tatu kwa wiki. Jioni moja, akiinuka kutoka kwenye skwati ya chini kabisa akiwa na chuma cha kilo 40 mabegani, anahisi kitu kimembana ndani ya goti la kulia. Hakuanguka wala hakugongwa. Anamaliza seti, anapanda daladala, anarudi nyumbani. Asubuhi goti limejaa na kulikunja ni shida. Baada ya wiki mbili za kuchechemea, daktari anamwambia kwamba meniskasi ya ndani imechanika kwa nyuma, mpasuko wa uchakavu, na hauhitaji kisu kwa sasa.

Kila goti lina meniskasi mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyolala kati ya fupa la paja na fupa la muundi. Kazi yake ni kuutawanya uzito wa mwili ili usilemee sehemu moja. Damu hufika vizuri kwenye ukingo wa nje tu. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu, ndiyo maana mpasuko wa huko haufungi kama kidonda cha ngozi. Goti linapokunjwa sana huku limebeba uzito, fupa la paja huteleza nyuma na kuikandamiza ncha ya nyuma ya meniskasi. Huko ndiko alikoumia mwalimu wetu. Kwa hiyo kinachomdhuru si skwati kwa jina lake. Ni kina cha skwati, pamoja na kugeuka huku mguu umekanyaga.

Wengi wakisikia neno "kuchanika" hudhani njia ni mbili tu, upasuaji au kulala. Kwa mpasuko wa uchakavu, tafiti zimeonyesha vingine. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walichapisha utafiti wa wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Baadhi walikatwa kipande cha meniskasi kilichochanika. Wengine walitobolewa tu ngozi na kuingizwa kamera ndani ya goti, bila kukatwa chochote, na hawakuambiwa. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili yalikuwa sawa kwa maumivu na kwa matumizi ya goti. Mwaka 2016 watafiti wa Norway nao walilinganisha upasuaji na mazoezi ya wiki 12 kwa watu 140. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana, na katika miezi mitatu ya mwanzo waliofanya mazoezi ndio waliokuwa na mapaja yenye nguvu zaidi. Matokeo hayo hayamhusu kijana aliyegeuka vibaya uwanjani na goti likakwama. Huyo ana jeraha la namna nyingine. Kwa mwalimu huyu, yanamaanisha kwamba jimu ni sehemu ya matibabu. Kocha anakuwa mmoja wa watu wanaomtibu, na mtu wa namna hiyo hapewi nusu ya habari.

Kabla ya kuandika, mwalimu anamwona mtaalamu wa fiziotherapia na kumuuliza jambo moja kwa namna tatu: nisikunje goti zaidi ya wapi, nisifanye nini kabisa, na nitajuaje kwamba nimezidisha. Majibu hayo ndiyo nyama ya ujumbe. Picha ya MRI haiwezi kushika nafasi yake. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watu wa kawaida wa zaidi ya miaka 50 walipigwa picha za magoti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika waliokutwa na meniskasi iliyochanika, 61 kwa kila 100 hawakuwa na maumivu wala goti kukakamaa katika mwezi uliotangulia. Picha inasema kuna mpasuko. Haisemi goti linaweza kubeba nini wiki hii.

Ujumbe wenyewe unatumwa kwa namba binafsi ya kocha, si kwenye kundi la WhatsApp la jimu, na unatumwa siku mbili kabla ya kipindi ili kocha apate muda wa kupanga. Unaweza kusomeka hivi:

"Kocha, habari za jioni. Naomba usome huu kabla ya Jumatatu. Goti langu la kulia, upande wa ndani, liliuma wiki mbili zilizopita nikiinuka kwenye skwati ya chini. Lilivimba kesho yake. Daktari amesema meniskasi ya ndani imechanika kwa nyuma, sihitaji upasuaji. Mtaalamu wa fiziotherapia ameniruhusu kurudi kwenye mazoezi ya nguvu, ila kwa mipaka, kwa wiki sita. Nitamwona tena wiki ya sita, na mpaka hapo mipaka haibadiliki hata nikijisikia vizuri.

Moja, goti lisikunjwe kupita nyuzi 90 likiwa limebeba uzito. Mbili, hakuna kuruka, kukimbia, lanji za kutembea, wala kugeuka mguu ukiwa chini, kwa hiyo eroboksi ya Jumatano nimeiacha. Tatu, mashine ya kukunja mguu kwa nyuma tuiache kwa sasa. Nne, maumivu nitakutajia kwa namba, 0 hadi 10. Mpaka 3 tunaendelea. Ikifika 4 tunapunguza uzito au kina. Ikifika 5 tunaacha zoezi hilo siku hiyo. Tano, asubuhi inayofuata nitakuandikia goti limeamkaje. Likiwa limevimba, kipindi kinachofuata tunarudi nyuma hatua moja. Likikwama au likiniachia ghafla nikiwa nimesimama, naacha kila kitu na kurudi hospitali.

Naomba programu mpya: miguu Jumatatu na Ijumaa, mwili wa juu Jumatano. Lengo langu si kupungua uzito kwa sasa, ni paja la kulia lirudi kuwa na nguvu kama la kushoto. Naomba uniandikie uzito wa kuanzia na tutaongeza lini. Ukiwa na swali kwa mtaalamu wangu, nitakupa namba yake. Ahsante sana, kocha."

Ni ujumbe mrefu, lakini kocha anausoma kwa dakika mbili na kila sentensi inampa kitu cha kufanya. Mpaka wa nyuzi 90 unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa jimu hakuna anayetembea na kipima pembe mfukoni. Kipimo rahisi ni boksi au benchi. Mteja akikalia kiti chenye urefu unaolingana na goti lake, nyayo zikiwa bapa sakafuni na muundi umesimama wima, goti lake liko karibu na nyuzi 90. Kocha anatafuta boksi la urefu huo, au anaweka sahani za chuma juu ya boksi fupi mpaka lifike, na skwati inakuwa ya kushuka hadi makalio yaguse, kisha kuinuka. Mpaka unakuwa kitu kinachogusika, na mteja aliyechoka hawezi kuuvuka bila kujua.

Kuna mtego hapo. Pembe ya goti hupimwa kati ya paja na muundi, si kati ya paja na sakafu. Muundi ukiinamia mbele, goti likapita vidole vya mguu, pembe inazidi 90 hata kama paja halijafika usawa wa sakafu. Kocha mzuri atasimama ubavuni mwa mteja badala ya mbele yake, kwa sababu ukiwa mbele huwezi kuliona kosa hilo. Kwa siku za mwanzo ni busara kuongeza boksi sentimita tano au kumi juu ya goti, ili pabaki nafasi ya makosa. Kwenye mashine ya kusukuma uzito kwa miguu, mpaka huwekwa kwa pini ya kiti: kocha anatafuta tundu linalomzuia mteja kukunja kupita kiasi, na namba ya tundu hilo inaandikwa kwenye daftari pamoja na kilo.

Kuhusu mashine ya kukunja mguu kwa nyuma, wapo makocha watakaoshangaa. Wanajua misuli ya nyuma ya paja huliunga mkono goti. Ni kweli, lakini mmoja wa misuli hiyo una nyuzi zinazoshikana na ncha ya nyuma ya meniskasi ya ndani, na unapovuta kwa nguvu huku goti limekunjwa, unaivuta pale palipochanika. Misuli hiyohiyo inaweza kufanyishwa kazi kwa kulala chali, kukunja magoti kidogo na kunyanyua nyonga.

Sasa maumivu. Mteja aliyeambiwa "ikiuma acha" ataacha kila kitu, kwa sababu goti lililoumia huuma kidogo karibu kila linapofanyishwa kazi. Aliyezoea kuambiwa avumilie atavuka mpaka. Namba inawaokoa wote wawili. Tatu katika kumi ni maumivu yanayosikika, lakini hayamfanyi mtu abadilishe namna anavyosimama wala kuukwepa mguu. Kocha hana haja ya kusubiri atajiwe. Mteja akianza kuegemeza uzito upande wa kushoto wakati wa kuinuka, akishikilia pumzi, akikunja uso, namba imeshapita tatu hata kama mdomo unasema mbili.

Hata hivyo kipimo kinachoaminika kuliko vyote huja kesho yake. Uvimbe ndani ya goti ni maji yaliyoongezeka kwenye kifuko cha kiungo, na maji hayo yana hila: huizima misuli. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1984, magoti mazima yasiyo na jeraha yalijazwa maji ya chumvi, na mililita 20 hadi 30 zilitosha kuudhoofisha msuli wa ndani wa mbele ya paja. Ni kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chakula. Kwa hiyo mteja anayejilazimisha kufanya skwati na goti lililovimba hajengi paja. Neva zimepunguza amri ya kukaza, na uzito unabebwa na kiungo chenyewe.

Mwalimu anahitaji futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla hajatembea sana, anakaa kitandani, ananyoosha mguu, anazungusha futi katikati ya pia ya goti na kusoma. Siku goti lilipotulia ilikuwa sentimita 38. Hiyo ndiyo namba yake ya msingi. Ikizidi kwa sentimita moja, mazoezi ya jana yalikuwa mengi, hata kama jana yenyewe hayakuuma.

Programu ya kocha kwa wiki ya kwanza inakuwa na mazoezi machache. Baiskeli ya ndani dakika kumi bila ukinzani mkubwa, kiti kikiwa juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini goti linabaki na mkunjo mdogo tu. Skwati ya kukalia boksi bila uzito, seti tatu za marudio kumi. Mashine ya kusukuma kwa miguu yote miwili, kilo 30 badala ya 80 alizozoea. Kunyanyua nyonga akiwa amelala chali, na kunyanyua visigino akiwa amesimama. Basi. Baada ya hapo kanuni ya kuongeza ni moja: kila mara kinaongezwa kitu kimoja, ama kilo, ama marudio, ama zoezi jipya. Vikiongezwa viwili na goti likavimba, hakuna atakayejua kipi kilichokosea.

Tuseme Jumatatu na Ijumaa za wiki mbili za kwanza zinapita vizuri, namba ikiwa mbili, futi ikiwa 38. Wiki ya tatu kocha anaongeza kushuka kwa mguu mmoja kutoka kwenye kijukwaa cha sentimita 20, na papo hapo anapandisha mashine kutoka kilo 40 hadi 55. Katika kipindi mwalimu anataja tatu. Hakuna aliyevunja mpaka wa maumivu. Jumamosi asubuhi anaandika: "Kocha, taarifa ya leo: futi 39 na nusu, kukunja kumekaza, maumivu 4 kwenye ngazi. Halijakwama. Jumatatu naomba turudi kwenye programu ya wiki ya pili." Kocha anajibu: "Sawa Mwalimu. Kijukwaa tunakitoa, mashine inarudi 40. Likishuka hadi 38 tutakirejesha kijukwaa cha sentimita 10 peke yake." Kosa limegunduliwa ndani ya saa 24 na kurekebishwa bila lawama, kwa sababu wote wawili walikubaliana mapema namna ya kulitambua.

Lakini kocha huyo asingekosea kwa kumlaumu kijukwaa peke yake bila kuuliza swali moja zaidi: Ijumaa ulifanya nini kwingine? Goti halitofautishi uzito wa jimu na uzito wa nyumbani. Kuchutama kwenye choo cha shimo kunalikunja mbali kupita nyuzi 90. Kufua kwenye beseni la chini, kukaa mkekani, kusujudu na kukaa baina ya sijda mbili, vyote ni vilevile. Mwenye goti kama hili anaruhusiwa kuswali akiwa kwenye kiti, dini ina nafasi hiyo kwa mgonjwa, na beseni linaweza kuwekwa juu ya meza. Siku ambayo mwalimu amesimamia mtihani kutwa na kupanda ghorofa tatu mara kadhaa, inafaa amwambie kocha kabla ya kuanza, ili seti tatu ziwe mbili.

Yapo magoti ambayo ujumbe kwa kocha si mahali pa kuanzia. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache tu baada ya kugeuka au kuanguka mara nyingi limejaa damu, na kano kubwa ya katikati huenda imekatika. Goti lililokwama, lisilonyooka hata ukilisaidia kwa mikono, huenda limekabwa na kipande cha meniskasi. Kwa aliyeumia ghafla, kanuni za Ottawa za Kanada, zilizochapishwa mwaka 1995, zinataka eksirei ikiwa mtu ana miaka 55 au zaidi, au hawezi kupiga hatua nne, au hawezi kukunja goti mpaka nyuzi 90, au ana maumivu ya kubonyezwa kwenye pia ya goti peke yake au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje chini ya goti. Goti jekundu lenye joto na homa, au kigimbi kilichovimba na kuuma, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya sita mwalimu anarudi kwa mtaalamu wake na daftari: kilo, namba ya tundu la kiti, namba ya maumivu, futi za asubuhi. Hapo ndipo mipaka inapofunguliwa, na inafunguliwa mmojammoja: kina cha skwati kwanza, kisha lanji za kusimama mahali pamoja, na kukimbia baadaye kabisa, paja la kulia likishaweza kusukuma karibu sawa na la kushoto. Anaandika ujumbe mpya kwa kocha wenye mipaka mipya na tarehe mpya, wa zamani ukiwa umeisha kazi.

Kuna makocha watakaojibu ujumbe huo kwa maswali: boksi la urefu gani, alipewa mazoezi gani hospitali, namba ya mtaalamu ni ipi. Hao ndio wa kufanya nao kazi. Akijibu kwamba maumivu ni sehemu ya mazoezi na mteja aje tu watayamaliza pamoja, au akasema ndiyo kisha Jumatatu akaweka chuma cha kilo 40 mabegani, mteja asilipie mwezi mwingine kwa kocha huyo. Atafute mwingine, na amtumie ujumbe uleule.